Irabu Thelathini na Tatu

Barua yenyewe sinayo. Ilibaki Lushoto, juu ya meza ya watu, na sikuwa na uso wa kurudi kuidai. Lakini niliihesabu mara nyingi mno kabla ya siku ile, neno kwa neno na alama kwa alama, hata leo naweza kuiandika yote bila kuiona.

Nilikuwa muuza kabichi. Nalisema mapema ili asiyetaka kusoma habari za Kiarabu kutoka kwa muuza kabichi aachie hapa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imeshuka kama mvua, na kila mwenye miguu miwili alijiita mfanyabiashara. Mimi nilinunua kabichi na karoti Shume, nikafunga magunia, nikayapandisha kwenye lori la watu, nikashuka nayo Soni, Mombo, mpaka Muheza. Kule niliuza, nikarudi milimani na machungwa na iliki. Kila gunia nililihesabu mara mbili, likipakiwa na likishushwa, kwa sababu kati ya Shume na Muheza kabichi zina tabia ya kupungua zenyewe.

Msahafu nilihitimu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilisoma wote, nikachinjiwa mbuzi, akina mama wakapiga vigelegele, na sikujua maana ya mstari hata mmoja. Hilo lilinikera nikiwa mtoto na likazidi kunikera nilipoanza biashara. Sinunui gunia bila kulifungua nione lililomo chini. Sasa hapa nilikuwa nimebeba gunia kubwa kuliko yote, nimelibeba miaka, na sijawahi kulifungua.

Nyuma ya soko la Muheza alikaa mzee mmoja, Mbondei, mwalimu wa Kiarabu. Hakuwa shehe wa msikiti wala msomaji wa maulidi. Alifundisha lugha: kitenzi, mtendaji, mtendwa. Mkewe alishona nguo kwenye baraza ileile, kwa hiyo masomo yote niliyoyapata maishani yamechanganyika na mlio wa cherehani. Mara ya kwanza nilimfuata na kikapu kichwani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kabichi bei gani?"

"Hizi si za kuuza. Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini? Alifu be te?"

"Hizo ninazo. Nataka kujua ninachokisema nikisoma."

Akanitazama juu ya miwani. "Umeolewa?"

"Niliolewa. Tukaachana."

"Una watoto?"

"Mmoja, yuko kwa mama yangu Soni. Mwalimu, hayo ndiyo masomo yenyewe, au tutaanza kesho?"

Mkewe akasimamisha cherehani ili acheke vizuri. Tukapatana palepale: kila nikishuka na mzigo nitapata somo, naye atapata mboga za wiki. Nilimwambia hizo mboga ni nyingi kwa somo moja. Akaniambia somo moja la kwake ni jingi kwa mboga zile. Hatukubishana tena jambo hilo kwa miaka sita.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuninyang'anya irabu. Hapa lazima nieleze kidogo. Msahafu umeandikwa na alama zake zote, juu na chini ya herufi. Fataha juu, ukasoma *a*. Kasra chini, ukasoma *i*. Dhuma juu, kama wau ndogo, ukasoma *u*. Sukuni, kiduara, herufi isimame bila sauti. Shada, herufi ikazwe mara mbili. Aliyefundishwa hizo anaweza kusoma ukurasa mzima kama maji bila kuelewa chochote, na mimi nilikuwa mfano mzuri. Lakini Kiarabu cha vitabu na magazeti huandikwa bila hizo alama. Zinakuja herufi tupu, na msomaji anatakiwa ajue mwenyewe nani amefanya na nani amefanyiwa, ndipo ajue aweke *u* wapi na *a* wapi.

"Irabu ni fimbo ya kipofu," aliniambia. "Mimi sifundishi vipofu."

Basi kwa miaka sita kila alichoniandikia kilikuja kitupu. Kati ya safari zangu alikuwa akinitumia barua, akimpa utingo wa lori, na utingo akiniletea Soni pamoja na salamu ya Kisambaa na maneno yake mwenyewe.

"Onga makeo, mama. Mzee wako amekuandikia tena michirizi."

"Si michirizi. Ni lugha."

"Mbona haina hata nukta za juu na chini kama ya chuoni?"

"Nitaziweka mwenyewe."

"Basi hajamaliza kazi huyo. Mdai mboga zako."

Ndani ya barua mlikuwa na mistari mitatu au minne, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi ya daftari. Niliweka irabu kwa penseli, nikimaliza kuuza, nimekaa juu ya gunia la mwisho. Nikishuka tena Muheza alisahihisha. Mwaka wa kwanza karatasi zangu zilirudi zimejaa misalaba. Mwaka wa nne alianza kurudisha karatasi zisizo na msalaba, na hakusema kitu. Hakuwa mtu wa kusifu. Nilihesabu karatasi safi, nikahesabu tena. Mwaka wa sita zilikuwa zote safi, isipokuwa mbili, na moja kati ya hizo mbili nilishinda ubishi, akaufuta msalaba mwenyewe.

Jambo jingine alilonifundisha siku za mwanzo lilikuwa adabu ya kusoma. Mtu akikukatiza na kusema umekosea, usiseme "mimi naona hivi." Wewe ni nani wa kuona? Sema umepokea kwa nani. Ukiwa na maandishi yake, yatoe. Yeye naye alipokea kwa mwalimu wake Tanga, na mwalimu wake kwa mwingine, na hivyo hivyo kurudi nyuma. Msomaji asiyeweza kumtaja aliyemfundisha, alisema, ni mtu aliyeokota. Nililipenda jambo hilo. Lilifanana na biashara: ukiulizwa mzigo umeutoa wapi, unataja shamba.

Sasa, ilijengwa shule Lushoto. Miaka ile watu binafsi na jumuiya waliruhusiwa tena kufungua shule zao, na jumuiya hii, ambayo sitaitaja, ilipata misaada ikajenga madarasa manne ya matofali ya kuchoma na bati jipya. Walitaka wasichana wafundishwe Kiarabu na mwalimu mwanamke. Tangazo likabandikwa kwenye duka moja Soni, nami nikalisoma nikiwa na karoti mkononi. Cheti hakikutakiwa. Palitakiwa usaili: kusoma, kutia irabu, na kufasiri.

Nisidanganye hapa. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si kwa mshahara tu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mgongo ulikuwa umeanza kunisemesha, na mwanangu alikuwa anakua kwa bibi yake kama wa kuazimwa. Lakini zaidi ya yote nilitaka mtu mmoja, mahali popote, aniite mwalimu. Miaka sita nilikuwa nimesoma juu ya magunia, na hapakuwa na mtu zaidi ya mzee, mkewe na utingo aliyejua.

Nikamtumia mwalimu salamu kwamba nimeitwa kwenye usaili. Nikamtaja mwenyekiti wa kamati, na ustadhi kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo ambaye angenisikiliza. Jibu likaja siku tatu kabla. Utingo akanikabidhi bahasha akasema, "Leo mzee kamaliza kazi. Nimechungulia, ina mpaka wino mwekundu." Nikamwambia barua za watu hazichunguliwi. Akasema bahasha haikuwa na gundi.

Iliandikwa hivi.

"Kwa mwanafunzi wangu. Assalaamu alaykum. Kabichi tatu zimefika, moja imeoza moyo, lakini nje ilikuwa nzuri, kwa hiyo sikulaumu. Nimesikia habari ya Lushoto. Chini hapa nimekuandikia ubeti mmoja, na safari hii nimeutia irabu zote kwa wino mwekundu, usiniulize kwa nini.

سَلَامٌ عَلَى مَنْ بِأَعْلَى الْجِبَالِ
وَمَنْ يَزْرَعُ الْأَرْضَ حَتَّى اللَّيَالِي

Kwanza usiusome. Uhesabu, maana najua utauhesabu tu. Herufi ni arubaini na mbili. Irabu ni thelathini na tatu, ukihesabu shada peke yake na fataha iliyo juu yake peke yake. Herufi kumi na moja hazina kitu. Hizo kumi na moja ndizo zinazowaangusha watu, kwa hiyo zitazame kabla ya nyingine.

Alifu ya *salaam* haina kitu kwa sababu kazi yake ni kuvuta fataha iliyo nyuma yake. Hali kadhalika ya *jibaal* na ya *layaal*. Lakini tazama *a'laa*. Mwisho wake una mvuto, na mbele yake inakuja *al-jibaal*, ambayo lamu yake ina sukuni. Mvuto haukai mbele ya sukuni. Utauangusha, na alifu ya *al* nayo itaanguka, useme *a'lal-jibaali* kwa pumzi moja. Fanya hivyo hivyo kwenye *hattaa*, useme *hattal-layaali*. Pale lamu ya kwanza haisomwi peke yake, imemezwa na ya pili, ndiyo maana ya pili ina shada.

Mimu ya *salaam* ina dhuma mbili. Soma *salaamun*. Hiyo nuni huioni, lakini masikio yataidai.

Aini ya *yazra'u* ina dhuma, kwa sababu ni tendo linaloendelea na hakuna neno lililotangulia kulibadilisha. Dhadi ya *ardha* ina fataha, kwa sababu ardhi ndiyo inayolimwa. Ukizigeuza, ardhi itamlima mkulima, jambo ambalo Shume nadhani hutokea, lakini si katika ubeti huu.

Huu si Msahafu. Nuni ya *man* iliyo mbele ya be usiigeuze kuwa mimu kama unavyofanya ukisoma aya. Iache nuni.

Sasa mizani. Gonga kidole: fupi, ndefu, ndefu. *Sa-laa-mun. A-laa-man. Bi-a'-lal. Ji-baa-lii.* Mara nne. Kipande cha pili: *wa-man-yaz. Ra-'ul-ar. Dha-hat-tal. La-yaa-lii.* Mara nne. Ukipungukiwa au ukizidi, umeangusha irabu, rudi uitafute.

La mwisho. *Jibaali* ina kasra. Katika maneno ya kawaida ungesimama kwa sukuni, useme *jibaal*, na hakuna wa kukulaumu. Katika ubeti huu usisimame hivyo. Ivute, *jibaalii*, kwa sababu kipande cha pili kinaishia na mvuto, *layaalii*, na vipande viwili lazima vifike pamoja. Mtu asiyejua mashairi atakwambia umekosea. Usitetereke.

Maana yake: amani kwa walio juu ya milima, na kwa wanaolima ardhi hata usiku ukaingia. Wassalaam."

Nilihesabu. Thelathini na tatu, sawa na punje za tasbihi fupi. Nikahesabu tena, zikawa thelathini na tatu. Kisha nikashangaa kidogo, kwa sababu katika miaka sita hakuwahi kuniandikia hata fataha moja. Nikajiambia amezeeka, au ananionea huruma kwa sababu ya usaili. Nikajifunza barua yote, si ubeti tu, nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Lushoto tulikuwa wanawake wawili. Mwenzangu alitoka Muheza, binti mpole wa miaka ishirini na kitu, amevaa baibui jipya. Yeye aliingia kwanza. Nilimsikia kupitia mlango akisoma aya kwa sauti nzuri kweli. Alipotoka alikaa kwenye benchi akafuta viganja kwenye baibui lake.

"Wamekuuliza nini, mdogo wangu?"

"Wamenipa ubeti hauna irabu, dada. Nimeweka nilizoweza."

"Na kufasiri?"

"Kidogo."

Nikaitwa. Darasa lilinuka rangi mbichi. Mwenyekiti, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliketi katikati. Ustadhi kijana aliketi kando, kanzu nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Niliamkia, mwenyekiti akaitikia, ustadhi akanisogezea karatasi iliyoandikwa kwa taipu ya Kiarabu, na penseli.

"Tia irabu, kisha usome kwa sauti."

Nilipoitazama nilijua. Herufi arubaini na mbili, tupu, bila hata alama moja. Ulikuwa ubeti uleule.

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na sikuaminiwa. Nilifikiri ni bahati. Mashairi ya chuoni huzunguka. Ubeti unaofundishwa Tanga unafundishwa Pangani na Lamu, na mwalimu mzee hakuniambia umetungwa na nani. Nilidhani ni wa zamani kuliko sisi sote. Nilifurahi kama mtu aliyekuta mteja anataka hasa kile alichokibeba. Sikuwa na wasiwasi hata mdogo, na ukosefu huo wa wasiwasi ndio ulionimaliza.

Nikaweka thelathini na tatu. Nikahesabu, nikahesabu tena, mwenyekiti akakohoa. Nikasoma, taratibu, fupi ndefu ndefu, nikaivuta *jibaalii*, nikaivuta *layaalii*, nikafasiri. Mwenyekiti, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kusikia tu, alitikisa kichwa kwa raha.

"Umekosea mahali pamoja," ustadhi akasema. "Ukisimama, unasimama kwa sukuni. *Jibaal*. Hiyo ni kanuni ya kila mahali."

"Katika shairi siyo, ustadhi."

"Nani kasema?"

Nilikuwa nimefundishwa jibu la swali hilo miaka sita. Mkono uliingia kwenye mkoba kabla kichwa hakijaulizwa.

"Nimepokea kwa mwalimu wangu. Hii hapa barua yake, mwenyewe amelieleza hilo."

Nikaiweka mezani, nikaigeuza imwelekee. Nilifanya kwa fahari. Nilifanya kama mtu anayetoa stakabadhi.

Ustadhi akasoma. Alianza juu, akafika kwenye ubeti, akasimama. Akauangalia wino mwekundu, akaangalia karatasi yangu ya penseli, akamsogezea mwenyekiti. Mwenyekiti hakuhitaji kujua Kiarabu. Aliutambua mwandiko.

"Huyu mzee wa Muheza," akasema polepole, "ndiye mwalimu wako?"

"Ndiye, baba."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na alijua kwamba unakuja hapa?"

"Nilimwambia mimi mwenyewe."

Akaondoa kofia akaiweka juu ya goti. "Sisi ndio tuliomwomba atutungie ubeti mpya. Tulitaka ambao hakuna mtu duniani amewahi kuusoma, ili asiwepo wa kuukariri. Tukampa na kazi ya kututungia kitabu cha kusomea watoto. Tukamwambia, mzee, iwe siri yako na yetu."

Nje kulikuwa na fundi anapigilia bati.

"Mimi sikujua," nikasema.

"Umeileta mwenyewe," mwenyekiti akasema. Na kusema kweli hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeshangaa. "Mwizi gani anakuja na ushahidi mkononi?"

"Ndiyo hivyo, baba. Mwizi haji nao."

"Au ni mwizi asiyejua hesabu," ustadhi akasema.

Hilo neno la hesabu, kati ya yote, ndilo nililolichukia zaidi. Nikaomba wanipe ubeti mwingine, mtupu, wowote, wauchague wao. Mwenyekiti alimtazama ustadhi. Ustadhi akasema usaili ni mmoja kwa wote, akiniongezea mimi itabidi amwite na yule mwenzangu, na yeye mwenzangu hakuleta barua ya mtu. Kwa upande wake alisema kweli. Kisha akasoma tena chini ya barua, midomo ikicheza, kidole kikigonga meza: fupi, ndefu, ndefu. Akamwambia mwenyekiti, kana kwamba mimi nimeshatoka, "Hilo la kuvuta, lakini, mzee yuko sahihi."

Nilikuwa sahihi, basi. Nikainuka nikaaga. Kabla sijafika mlangoni niliwasikia wakianza kujadili nani atamwandikia mzee kwamba kile kitabu wamekisitisha.

Yule binti alipata kazi. Simlaumu. Alikuwa na sauti nzuri.

Sikungoja mzigo. Kesho yake nilishuka Muheza mikono mitupu. Nilimkuta mwalimu barazani. Barua ya Lushoto ilikuwa haijafika, kwa hiyo mimi ndiye niliyemletea habari zote mbili, yangu na yake. Mkewe alisimamisha cherehani, na safari hii hakucheka.

"Uliionyesha," akasema mwalimu.

"Ulinifundisha kuonyesha."

"Nilikufundisha kutaja. Barua ya mwalimu husomwa, haitandazwi mezani kwa watu."

"Ulisema, ukiwa na maandishi yake, yatoe. Mwaka wa kwanza. Nilikaa pale, kwenye ule mkeka."

Akautazama mkeka, maana alikumbuka. Nikamwuliza nililokuja kumwuliza. "Mwalimu, uliniandikia kwa makusudi?"

"Ulikuwa somo kama masomo mengine."

"Masomo mengine yalikuja matupu."

Akavua miwani akaifuta kwa shati. Ilichukua muda mrefu kuliko miwani ile ilivyostahili. "Nilitaka uipate," akasema. "Yule kijana wa ng'ambo angekubabaisha. Nilikuona jinsi ungeingia pale, na kanga yako na mikono yako ya karoti, nikasema, nimtilie zote, asipungukiwe."

Kama angesema alikosea, nadhani ningemsamehe palepale. Kama angesema nimezeeka, nimesahau, ningemsaidia hata kuamini. Lakini alinieleza kwa upole, kwa moyo safi kabisa, kwamba siku ile niliyoihitaji imani yake, mtu aliyekataa kufundisha vipofu alinikatia fimbo.

"Niandikie ubeti," nikasema.

"Sasa wa nini?"

"Mtupu. Utunge sasa hivi."

Akasita, kisha akachukua karatasi. Aliandika polepole, akafikiri katikati, akafuta neno, akaandika lingine. Akanipa. Ulikuwa mgumu, na mtendaji wake alikuwa amewekwa mwisho kabisa kwa kunitega. Sikuweka penseli. Niliusoma kwa mdomo moja kwa moja, kila mwisho wa neno mahali pake, nikavuta palipotakiwa kuvutwa, nikafasiri. Mkewe, ambaye hakujua Kiarabu, alijua kutokana na uso wa mumewe.

"Sahihi," akasema. Katika miaka sita ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno lile kwa mdomo wake.

"Hukujua kwamba naweza?"

"Nilijua."

"Basi mbona uliniandikia?"

"Wewe mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa inanibembeleza, "mteja akishalipa, si unamwongezea kabichi moja juu? Si kwamba ulimpunja. Ni nyongeza tu."

"Nyongeza, mwalimu, nampa mteja nisiye na hakika naye."

Alisogeza ile karatasi karibu na macho, akaanza kuisoma upya mwenyewe, kana kwamba kosa liko humo na akilitafuta vizuri atalipata. Nikamuaga mkewe. Yeye nikamwambia, "Kwaheri mwalimu," akaitikia bila kuinua uso, "Haya, mwanangu. Wiki ijayo uje na karoti."

Sikwenda. Niliendelea kushuka Muheza na magunia kwa miaka mingine minane, na kila mara niliingilia upande wa pili wa soko. Utingo aliniuliza mara moja tu kama nimeshafuzu. Nikamwambia ndiyo. Nikamwuliza yeye kama magunia yote kumi na manne yameshuka, akasema yameshuka, nikapanda kuhesabu mwenyewe.